Mwezi wa Nane Nitakula Nini?

Ukumbi ulikuwa wa shule, feni moja inazunguka, moja imekufa. Mkufunzi wa semina ya biashara, kijana mwerevu mwenye sauti nzuri, alikuwa amefika kwenye picha ya mti mmoja mnene uliozungukwa na vichaka. Akawaambia akina mama waliojaa kwenye madawati: chagueni biashara moja, mkomae nayo, hizo nyingine zinawanyonya.

Shangazi yangu akanyoosha mkono. Yeye anaishi kijiji cha pwani upande wa Naumbu, nje kidogo ya Mtwara mjini. Ana mikorosho, ana kamba za mwani baharini, na kila alfajiri anakaanga vitumbua. Akauliza, "Mwanangu, nikichagua korosho, mwezi wa nane nitakula nini?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka kwa heshima, akasema, "Swali zuri mama, tutalirudia," akasogeza picha inayofuata.

Halikurudiwa.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nimemsindikiza tu, na swali lile limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Kwanza kwa sababu mkufunzi hakukosea kabisa. Nawajua watu waliogawanya mtaji mdogo mara nne wakaua vyote vinne. Lakini pia kwa sababu swali la shangazi lilikuwa la hesabu, na hesabu yenyewe haikufanywa pale ukumbini. Nimejaribu kuifanya.

## Korosho hailipi mwezi wa nane

Msomaji wa kusini hahitaji kuelezwa, kwa hiyo nitapita haraka. Fedha ya korosho inaanza kuonekana minada ikifunguliwa Oktoba, inanenepa Novemba na Desemba, halafu inakwisha taratibu kwenye ada, mabati na harusi. Gharama zake zinakuja kinyume: palizi ya shamba baada ya masika, kisha kupulizia salfa, dawa ya ugonjwa wa ubwiriunga, kuanzia mikorosho inapochipua na kutoa maua, mzunguko baada ya mzunguko, hadi Agosti au Septemba. Hata pale salfa yenyewe inapokuja kwa ruzuku, mpulizaji anataka ujira na mashine inataka petroli. Na huwezi kumwambia asubiri mnada. Ubwiriunga ukishakaa kwenye maua, hilo ua halirudi.

Kwa hiyo kati ya Juni na Septemba shamba linadai fedha, tumbo linadai, shule inadai, na korosho bado ni ua.

Hapo ndipo kangomba anapoingia. Anakuja na fedha taslimu, ananunua korosho ambayo haijaanguka, kwa bei anayoitaka yeye. Ni kinyume cha utaratibu, kila mtu anajua, na kila mwaka yupo. Yupo kwa sababu mwezi wa nane upo.

## Hesabu ya vitumbua

Nilikaa na shangazi barazani kwake tukaandika. Tulitumia namba za kawaida, siyo za mwaka mzuri wala mbaya. Bei ya mnada inaruka: Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Oktoba 2024 minada ya kwanza ilivuka 4,000, katikati kuna misimu iliyokuwa chini sana ya hapo. Tukasema basi, mkulima abaki na 2,500 mkononi baada ya makato yote.

Shangazi ana mikorosho kama sitini ya umri wa kuzaa. Tukiweka kilo saba kwa mti, ni kilo 420. Kwa 2,500, ni shilingi 1,050,000.

Mahitaji yake ya Juni hadi Septemba, tukijumlisha palizi, kupulizia, madaftari ya wajukuu na nyongeza ya chakula, yalifika kama 300,000. Si fedha nyingi. Lakini ni lazima ipatikane miezi hiyo, siyo Desemba.

Bila vitumbua, anaipata wapi? Kwa kangomba, kwa bei ya 1,000 kwa kilo, ambayo wala si bei ya kikatili zaidi niliyoisikia. Kupata 300,000 itabidi auze kilo 300. Zinabaki 120 za kupeleka mnadani kupitia chama cha msingi, ambazo ni 300,000 nyingine. Mwaka mzima wa korosho umempa 600,000.

Sasa weka vitumbua. Anakaanga kilo tatu za mchele kwa siku. Ukitoa mchele, nazi, sukari, iliki, hamira, mafuta na mkaa, kinabaki kama 3,000. Siku ishirini na tano kwa mwezi ni 75,000. Miezi minne, Juni hadi Septemba, ni 300,000.

Ile ile.

Vitumbua vimelipa palizi, vimelipa mpulizaji, na kilo zote 420 zimekwenda ghalani. Jumla sasa ni 1,350,000. Tofauti ya mwanamke mwenye vitumbua na asiye navyo ni 750,000, na vitumbua vyenyewe vimeingiza 300,000 tu.

Nilirudia hesabu hii mara ya pili nikidhani nimekosea mahali. Sikukosea. Shilingi ya vitumbua ya mwezi wa nane inafanya kazi ya shilingi mbili na nusu, kwa sababu kila shilingi yake inazuia korosho yenye thamani ya mbili na nusu kwenda kwa kangomba. Ukiipima biashara ya vitumbua peke yake, kama mkufunzi alivyopima, utaona kamradi kadogo kanakomchosha mama wa watu alfajiri. Ukiipima pamoja na tarehe yake, ndiyo inayoshikilia shamba.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipoanza kukaa sawa. Kipato kidogo cha pembeni hakipimwi kwa ukubwa wake. Kinapimwa kwa mwezi kinaoingia na kwa bei mbaya kinayokuepusha nayo. Kama hakikuepushi na bei mbaya yoyote, basi kweli kinakunyonya, na mkufunzi yuko sahihi.

## Bahari ina saa zake

Swali la pili lilikuwa muda. Mtu ana mikono miwili. Niliogopa kwamba mwani unakula muda wa vitumbua na vitumbua vinakula muda wa mwani.

Shangazi alinijibu kwa saa za maji. Kazi ya mwani ya kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza vigingi na kuvuna hufanyika siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanapokupwa mbali. Kwetu pwani hii, maji ya bamvua hukauka sana kwenye saa nne asubuhi. Vitumbua huwa vimeisha saa mbili. Anafunika karai, anajifunga kanga, anashuka. Siku za maji mafu hana kazi baharini, anakwenda shambani au anapumzika.

Na majira pia yanapokezana. Wakati wa kusi maji yamepoa, mwani unakua vizuri, na baada ya wiki kama sita kamba zinavunwa. Kaskazi ikiingia, kuanzia Desemba, maji ya kina kifupi yanachemka kwa jua, mwani unapauka, unalainika na kukatika. Ule wa kotonii, unaolipa zaidi, ndio unaokufa kwanza. Spinosamu unavumilia ila bei yake ni ndogo. Kwa hiyo mwani unampa shangazi kitu katika miezi ile ile mikavu, na unapokufa, korosho tayari imelipwa.

Hakuna aliyekaa akapanga hivi. Wanawake wa pwani wamefika hapo kwa miaka ya kujaribu, na ukiangalia ratiba yake kwa mwaka mzima utaona kwamba vitu vitatu vinagusana mahali pamoja tu: Oktoba hadi Desemba, wakati wa kuokota. Korosho iliyoanguka haitaki kulala chini, hasa mvua za kwanza zikikaribia; ikilowa inapata madoa na ghalani inashuka daraja. Miezi hiyo mwani unaachwa, na vitumbua vinapungua hadi kilo moja, au vinasimama kabisa.

Hilo la kusimama lilinifungua macho kuliko yote.

Karai likisimama halidai kitu. Halina kodi ya fremu, halina mshahara, halina leseni inayohesabu siku. Mwani ukiachwa unapoteza mbegu, na hiyo ni hasara, ingawa mbegu huombwa kwa jirani mwenye kamba kwenye maji marefu kidogo. Lakini fikiria angekuwa na saluni ya kukodi. Miezi mitatu ya korosho angelipa kodi ya mlango uliofungwa, au angelipa kibarua wa kuokota ili yeye abaki saluni. Vipato vingi vinafaa pale tu kila kimoja kinapoweza kulala bila kula.

## Milango mitatu, chumba kimoja

Upande wa pili wa hadithi ni binamu yangu wa Tandahimba.

Naye alikuwa na vitu vitatu: duka la rejareja, pikipiki aliyompa kijana kwa hesabu ya kila siku, na kibanda cha uwakala wa fedha za simu. Ukimsikiliza ungesema amejipanga kuliko shangazi. Biashara zake zote ni za mwaka mzima, hakuna inayongoja mvua.

Ukaja msimu wa 2018/19. Wanunuzi walitoa bei za chini, wakulima wakagoma kuuza, na Serikali ikaingia kununua, magari ya jeshi yakibeba korosho. Bei iliyotangazwa ilikuwa nzuri. Lakini malipo yalipitia uhakiki wa wakulima, na fedha ilichukua muda kufika mifukoni.

Binamu hakuwa na mkorosho hata mmoja, ila alikwama kama wenye mikorosho. Dukani watu walichukua sukari na sabuni kwa daftari, wakisema "nikilipwa". Kijana wa pikipiki hakukosa nidhamu, alikosa abiria. Watu walitembea kwa miguu. Kibandani hakuna aliyetoa wala kuweka, kwa hiyo kamisheni ikakauka, na mtaji wa uwakala ukaanza kuliwa kujaza rafu za duka. Vyote vitatu viliyumba mwezi mmoja.

Vilikuwa milango mitatu ya chumba kimoja, na ndani ya chumba hicho kulikuwa na korosho.

Huu ndio mtego ninaoona watu wetu wengi wakiingia, na semina haziutaji. Tunahesabu majina ya biashara badala ya kuhesabu fedha inakotoka. Kwa Newala, Tandahimba, Masasi na sehemu kubwa ya Lindi ya bara, karibu kila shilingi ya mtaani imepita kwenye korosho au ufuta kabla ya kukufikia. Ukiuza simu, ukifuga kuku wa kuuza mtaani au ukifungua mgahawa, mteja wako anangoja mnada ule ule.

Njia ninayoiona ya kupima ni kuchukua wateja kumi wa kila biashara na kuuliza kuhusu kila mmoja: wiki iliyopita alinilipa kwa fedha gani? Mwalimu na muuguzi wanalipa kwa mshahara wa mwisho wa mwezi. Dereva wa lori la saruji analipa kwa posho ya safari. Mnunuzi wa mwani analipa kwa fedha ya soko la nje ambalo halijui korosho ni nini. Mvuvi analipa kwa alichovua jana, ila wakati wa kusi kali mitumbwi midogo hukaa pwani, na yeye anakaa pembeni yake. Shangazi alipowataja wateja wake wa vitumbua wa mwezi wa nane, walikuwa walimu, watoto wa shule waliopewa mia mbili, na makondakta wa daladala. Hakuna hata mmoja anayelipwa na kangomba.

Mazao pia yanaweza kutengana, ikiwa masoko yake ni tofauti. Agosti 2017 India iliwekea ukomo uagizaji wa mbaazi, na bei yake huku ikaporomoka hadi wengine hawakuona faida ya kuivuna. Miezi michache baadaye, msimu ule ule wa 2017/18, korosho ilifikia bei ambazo hazikuwahi kuonekana kabla. Aliyekuwa na vyote viwili aliumia mguu mmoja akasimama na mwingine. Lakini kuongeza ekari za mikorosho kando ya ekari za mikorosho na kuziita vyanzo viwili, hapana.

## Anayepaswa kuchagua kimoja

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo, kwa sababu namjua pia mama mmoja wa Mtwara mjini aliyeacha vyote akabaki na kimoja, na alifanya jambo sahihi.

Anabangua korosho. Zamani alibangua jioni, asubuhi akiuza vitenge, na wikendi akipika kwenye shughuli. Ubanguaji kwa mikono una hatua zake: kuifukiza korosho kwa mvuke ili ganda lilegee, kuipoza, kuikata kwa mashine ya mkono bila kuigusa punje, kukausha, kumenya ngozi ya ndani, kisha kupanga madaraja. Kilo nne hadi tano za ghafi zinatoa kilo moja hivi ya punje. Na bei ya punje nzima na ya iliyovunjika hazifanani hata kidogo.

Aliniambia kwamba tatizo lake halikuwa wateja. Wateja walikuwepo, wakitaka mzigo ule ule kila wiki, nzima na nyeupe, na yeye aliyekata kwa mkono uliochoka saa mbili usiku alikuwa akivunja nyingi mno. Kila saa aliyoihamisha kutoka vitenge kwenda kwenye mashine haikuongeza kilo tu, iliongeza sehemu ya punje nzima. Mkono ulizoea.

Cha pili ndicho kilichomlazimisha. Korosho ghafi inapatikana kwa utaratibu halali wakati wa msimu, basi. Anayetaka kubangua Machi na Juni lazima awe amenunua na kuhifadhi kufikia Desemba. Mtaji wake ulipokuwa umegawanyika kwenye majora ya vitenge na masufuria, mashine ilisimama kila ifikapo mwezi wa tatu, na wateja wake wakaenda kwa mwingine. Alipouza vitenge vyote, akanunua ghafi ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Angalia jinsi hali yake ilivyo kinyume na ya shangazi. Fedha yake inaingia kila wiki, mwaka mzima, kwa hiyo hana mwezi wa nane wa kuogopa. Anayemnunulia ni hoteli na watu wa Dar es Salaam, siyo jirani anayengoja mnada. Na kazi yenyewe inamlipa zaidi kadiri anavyoizama. Mikorosho sitini ya shangazi haiongezi mavuno kwa sababu ameacha vitumbua akaenda kuikodolea macho Agosti. Baada ya palizi na kupulizia, saa za ziada hazina pa kwenda.

Hatari yake ipo. Msimu ambao ghafi inapanda juu, yeye ananunua ghali na hana pa kuegemea. Anaijua, na ndiyo maana haweki akiba yake yote kwenye ghafi. Kiasi anakiacha benki hadi aone mnada wa pili au wa tatu. Lakini hiyo ni akiba, siyo biashara ya pili.

## Fomu ya mkopo

Kikundi cha shangazi sasa kinaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo wanawake wametengewa nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili. Hauna riba. Fomu inataka jina la mradi, na akina mama wenzake wamevutana: wengi wanataka kuandika korosho kwa sababu ndiyo inayoonekana kubwa mbele ya ofisa.

Shangazi amekataa. Hoja yake ni kwamba marejesho yanatakiwa kila mwezi, na korosho inalipa mara moja kwa mwaka. Wakiandika korosho, rejesho la Julai litatoka kwa kangomba, na mkopo usio na riba utakuwa umegeuka kuwa ghali kuliko wa mtaani. Anataka waandike vitumbua na maandazi, waombe kiasi kidogo ambacho karai linaweza kukirejesha bila kugusa shamba, na kianzie Machi ili miezi mikavu iwakute tayari wanakaanga.

Wenzake wawili wamekubali. Watatu bado wanasema ofisa ataona aibu kuidhinisha vitumbua. Wanakutana tena Ijumaa baada ya swala, na ameniomba nimwandikie ile hesabu ya kilo 300 kwa herufi kubwa ili aipeleke.